Slaidi ya kulinganisha pampu: pendekezo lionekane

"Nina pampu tatu kwenye jedwali, bosi anauliza nipendekeze ipi wakati alama zote zipo. Nipangeje?"

Ndugu, anza na kichwa cha slaidi. Badala ya "Ulinganisho wa Pampu", andika uamuzi wenyewe: "Tununue pampu ya sola". Vigezo vikae kwenye mistari, pampu kwenye safu, na sola iwe safu ya kwanza.

Tuseme uzito ni uendeshaji 50%, bei ya kununua 30%, matengenezo 20%. Sola ikipata 5, 2 na 4, jumla ni 3.9. Umeme wa gridi wenye 3, 3, 4 una 3.2, na dizeli yenye 1, 5, 3 ina 2.6. Paka rangi safu ya sola peke yake, kuanzia jina hadi jumla. Nyingine ziwe kijivu. Ukipaka kila kisanduku kijani, njano au nyekundu, macho hayajui pa kutua.

Kisha badilisha uzito kabla bosi hajafanya hivyo. Bei ikiwa 50% na uendeshaji 30%, dizeli inapata 3.4 na sola 3.3! Hilo liandike chini ya jedwali kwa sentensi moja, maana ndipo maswali yatakapotokea.