Rekodi za fidia: seva ikizimika tena katikati ya kutengua

*Swali: Naelewa kwamba seva ikizimika ghafla, hifadhidata ikiwaka hutengua miamala iliyokuwa haijakamilika. Sasa umeme ukikatika tena kazi hiyo ikiwa nusu, mara ya tatu itajuaje kilichokwisha kutenguliwa? Haiwezi kutengua kitu kimoja mara mbili? Na hizo rekodi za fidia nazo, hazitatenguliwa?*

Kutengua mara mbili kungeweza kutokea, na kungeharibu data, kama utenguzi ungefanywa kimyakimya. Ndiyo maana haufanywi kimyakimya. Kila badiliko linalotenguliwa huandikiwa rekodi yake mpya mwishoni mwa logi, yaani faili ambamo kila badiliko huandikwa kwa mfuatano, na hiyo ndiyo rekodi ya fidia. Ndani yake mna mambo mawili yenye uzito: badiliko lililofanywa kwenye ukurasa, yaani kipande cha data kinachosomwa na kuandikwa diskini kwa pamoja, ili kutengua lile la kwanza, na namba ya rekodi inayofuata kutenguliwa. Namba hiyo ya pili ndiyo inayojibu sehemu kubwa ya swali lako.

Nitaeleza kwa utaratibu wa ARIES, uliochapishwa na Mohan na wenzake wa IBM mwaka 1992, kwa sababu hifadhidata kadhaa kubwa zimejengwa juu ya mawazo yake. Ufufuaji hupita hatua tatu. Kwanza logi husomwa ili kujua miamala ipi ilikuwa haijakamilika. Pili, mabadiliko yote yaliyo kwenye logi hurudiwa pale ambapo hayajafika diskini, hata ya miamala itakayotenguliwa baadaye. Tatu, miamala isiyokamilika hutenguliwa, kuanzia badiliko la mwisho kurudi nyuma.

Tuchukue miamala miwili, T1 na T2. Ukurasa P5 una hesabu A yenye thamani 100, na P9 una hesabu B yenye thamani 50. Miamala yote miwili inaruhusiwa kuongeza kwenye A, kila mmoja kwa kiasi chake. Logi ilivyo diskini baada ya seva kuzimika mara ya kwanza ni hii, ambapo `LSN` ni namba ya rekodi na `prevLSN` ni namba ya rekodi iliyotangulia ya muamala uleule:

```
LSN  TX  PAGE  CHANGE    prevLSN
10   T1  P5    A += 20   0
20   T2  P5    A += 7    0
30   T1  P9    B -= 20   10
40   T2  --    COMMIT    20
50   T1  P5    A += 5    30
```

T2 umekamilika, T1 haujakamilika. Kwa hiyo jibu sahihi tunalolitafuta ni A = 107 na B = 50. Tuseme P5 ulikuwa umeshaandikwa diskini ukiwa na A = 132, na `pageLSN` yake ni 50, yaani alama inayosema ukurasa umefikiwa na mabadiliko hadi rekodi ya 50. P9 haukuwahi kuandikwa, kwa hiyo diskini B bado ni 50.

Seva inawaka. Hatua ya kurudia inauruka P5, kwa kuwa alama yake inatosha, na inairudia rekodi ya 30 kwenye P9, hivyo B inakuwa 30. Ndipo utenguzi wa T1 unapoanza, na `CLR` ndiyo rekodi ya fidia:

```
LSN  TX  TYPE  PAGE  CHANGE    undoNextLSN
60   T1  CLR   P5    A -= 5    30
70   T1  CLR   P9    B += 20   10
```

Rekodi ya 60 imefidia ile ya 50, na `undoNextLSN` yake inaelekeza 30, si 50. Imechukua `prevLSN` ya rekodi iliyofidiwa. P5 sasa una A = 127 na alama 60. Kisha 70 inafidia 30 na kuelekeza 10. Kabla rekodi ya 10 haijaguswa, umeme unakatika.

Hapa ndipo lazima tuulize nini kilikuwa kimefika diskini, maana kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda. Tuseme P5 uliandikwa diskini mara tu baada ya kufidiwa. Kanuni ya kuandika logi kwanza hairuhusu ukurasa wenye alama 60 kwenda diskini kabla logi haijaandikwa hadi 60. Kwa hiyo rekodi ya 60 ipo. Rekodi ya 70 ilikuwa bado kwenye RAM na imepotea, na P9 diskini ni ule ule wa zamani, B = 50.

Mara ya pili seva inawaka. Logi inaishia 60, na rekodi ya mwisho ya T1 ni hiyo 60. P5 una alama 60, haurudiwi kitu. P9 unarudiwa rekodi ya 30, B inakuwa 30. Kisha utenguzi unaisoma rekodi ya mwisho ya T1 na kukuta ni ya fidia. Haiitengui. Inasoma `undoNextLSN` yake na kurukia 30 moja kwa moja. Rekodi ya 50 haifikiwi tena, kwa sababu hakuna njia inayopita kwake. B inarudi 50 na fidia yake inaandikwa upya, halafu A inapunguzwa 20 kutoka 127:

```
LSN  TX  TYPE  PAGE  CHANGE    undoNextLSN
70   T1  CLR   P9    B += 20   10
80   T1  CLR   P5    A -= 20   0
90   T1  END
```

A = 107, B = 50. Sifuri katika `undoNextLSN` ina maana hakuna kilichobaki.

Sasa iondoe rekodi ya 60 katika hadithi hiyo uone. P5 ungekuwa diskini na A = 127, lakini logi ingeonyesha bado rekodi ya 50 haijatenguliwa. Ufufuaji wa pili ungepunguza 5 nyingine, kisha 20, na A ingeishia 102. Hesabu ingekosekana tano bila ujumbe wowote wa hitilafu. Wengine huuliza kwa nini usirudishe tu thamani ya zamani, kwa kuwa kuandika 127 mara mbili hakudhuru. Rudi kwenye rekodi ya 10: thamani ya A kabla ya badiliko hilo ilikuwa 100. Ukiirudisha 100, umeifuta 7 ya T2 ambayo imeshakamilika. Pale ambapo miamala miwili inaruhusiwa kugusa hesabu moja kwa kuongeza na kupunguza, utenguzi lazima uwe wa tofauti, na tofauti haivumilii kurudiwa.

Jambo moja hupita bila kuonekana. Hatua ya kurudia hulinganisha alama ya ukurasa kabla ya kugusa chochote, lakini hatua ya kutengua hailinganishi. Hutengua bila kuuliza. Inaweza kufanya hivyo kwa usalama kwa sababu tu hatua iliyotangulia imeshaufikisha kila ukurasa kwenye hali inayosemwa na logi, fidia zikiwemo. Tuseme mambo yangekuwa kinyume, rekodi ya 60 imefika diskini lakini P5 bado una 132 na alama 50. Hatua ya kurudia ingeisoma 60, ingeona 50 ni ndogo, na ingeipunguza A hadi 127. Fidia hurudiwa kama badiliko lingine lolote. Haitenguliwi tu.

Na kwa nini haitenguliwi? Ingewezekana kubuni mfumo unaotengua fidia kisha kuanza upya, na matokeo ya mwisho yangekuwa sahihi. Tatizo ni logi. Muamala wenye mabadiliko milioni moja, uliokatizwa baada ya kutenguliwa nusu milioni, ungelazimika kwanza kuzitengua fidia nusu milioni, kisha kutengua milioni nzima, na kila kitu kikiandikiwa rekodi. Ukikatizwa tena, mzigo unaongezeka. Seva inayozimikazimika ingefika mahali haimalizi kamwe. Kwa `undoNextLSN`, kila badiliko lina fidia moja tu inayodumu kwenye logi, hata seva izimike mara ngapi. Zilizopotea kwenye RAM, kama 70 yetu, huandikwa tena, lakini mahali pake kwenye logi palikuwa patupu.

Hilo linaonyesha pia mpaka wa ulinzi huu. Fidia hazisukumwi diskini moja moja; hiyo ingekuwa polepole mno. Huenda pamoja na logi nyingine, au zinapolazimishwa na ukurasa unaotaka kuandikwa. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya kazi ya utenguzi inaweza kupotea na kufanywa upya. Kinachohakikishwa ni kwamba ukurasa hautatangulia logi yake.

Tahadhari ya vitendo ni nafasi ya logi. Kutengua kunaandika, na diski ikijaa wakati wa kutengua hakuna njia ya nyuma wala ya mbele. SQL Server huliona hilo mapema: kila muamala unapoandika badiliko, hutengewa nafasi ya fidia yake kwenye logi. Hii ndiyo sababu muamala mkubwa hushika nafasi kubwa kuliko rekodi zake unazoziona. Ukiwa na hifadhidata ya majaribio, fungua muamala, badilisha safu chache, utengue kwa `ROLLBACK`, kisha tazama:

```sql
SELECT [Current LSN], Operation, [Transaction ID], Description
FROM fn_dblog(NULL, NULL);
```

Utaona rekodi za utenguzi zikiwa na neno `COMPENSATION` kwenye safuwima ya maelezo. Hilo ni la majaribio tu. Kipengele hiki hakimo katika nyaraka rasmi na si cha kuendesha kwenye mfumo unaotumika.

Kwenye seva halisi utaona ujumbe wa ufufuaji wenye asilimia na `Phase 3 of 3`. Hiyo ni hatua ya kutengua. Mtu asiye na subira huiwasha seva upya hapo akidhani imekwama. Data haitaharibika, kwa sababu zote tulizoziona, lakini hataharakisha chochote: kusoma logi na kurudia vitaanza tena kabla ya kufika pale utenguzi ulipoachia. Kinachoharibu kweli ni kufuta faili la logi ili hifadhidata "ifunguke". Katika mfano wetu, baada ya kuzimika mara ya pili, anayefanya hivyo anabaki na P5 wenye A = 127: ile 5 imeshatoka, ile 20 ya muamala ambao haukukamilika imebaki, na rekodi pekee iliyojua hivyo ameifuta yeye.