Kiwiko kipinde kwa mhimili mmoja: kupanga mihimili ya mifupa katika Blender

Kazi nyingi ninazoletewa za kurekebisha viunzi vya wahusika huja na lalamiko moja: mhuishaji anazungusha kigasha kwenye X, mkono unapinda lakini unakwenda upande, kisha analazimika kuongeza Y na Z kidogo kidogo hadi mkono ukae anapotaka. Mara nyingi uzito wa ngozi hauna tatizo, na urefu wa mifupa hauna tatizo. Kilichokosewa ni namba moja iliyo kwenye hali ya kuhariri, nayo ni `Roll`.

Katika Blender, mhimili wa Y wa kila mfupa hutoka kwenye shina lake hadi kwenye ncha, na huwezi kuubadilisha bila kuusogeza mfupa wenyewe. Ukishaweka shina na ncha, kinachobaki ni kuamua X na Z zitazame wapi kuzunguka hiyo Y, na uamuzi huo ndio `Roll`. Kanuni ninayoifuata ni kwamba X iwe bawaba: kiwiko, goti na vidole vyote vipinde kwa X, na namba chanya ikunje kiungo. Y inabaki kuwa ya kusokota, na Z ya kupeleka pembeni. Wanaotumia Maya kwa kawaida huilaza X kwenye urefu wa mfupa na kuupa mhimili mwingine kazi ya bawaba. Hilo halina ubaya, mradi ni mhimili uleule kuanzia begani hadi ncha za vidole.

Tuchukue mkono wa kushoto wa mhusika anayetazama upande wa Y hasi, mikono ikiwa imenyooshwa pembeni. Mifupa ni `upper_arm.L`, `forearm.L` na `hand.L`, na Y za mifupa hiyo zinaelekea X chanya ya dunia. Tunataka kigasha kije mbele kinapozungushwa kwa namba chanya. Ukifuata kanuni ya mkono wa kulia, utaona kwamba X ya mfupa lazima itazame chini, na hapo Z itatazama mbele. Kwa hiyo unachagua mifupa hiyo katika hali ya kuhariri, unabonyeza `Shift+N`, kisha unachagua `Global -Y Axis`, kwa kuwa amri hiyo huielekeza Z ya mfupa kwenye mhimili uliouchagua. Kabla ya hapo washa `Axes` kwenye `Viewport Display` ya kiunzi, maana kupanga mihimili usiyoiona ni kubahatisha tu.

Mguu una hesabu yake. Paja na muundi vinashuka chini, na goti linakunjika kwenda nyuma, hivyo X inatakiwa kutazama X chanya ya dunia na Z itazame nyuma: `Global +Y Axis`. Lakini ukiuchagua na mfupa wa wayo pamoja na hiyo miwili ukatumia amri ileile, utapata matokeo ya ajabu, kwa sababu wayo unaelekea mbele, karibu sambamba na mhimili wa Y wa dunia, na Z ya mfupa haiwezi kuelekezwa mahali ambapo Y yake tayari imelala. Blender haitakupa onyo. Itaweka pembe yoyote inayotokana na mteremko mdogo wa wayo. Wayo na vidole vya mguu vipangwe peke yake kwa `Global -Z Axis`, na X zake zitalingana na za goti.

Hapa kuna jambo ambalo wengine hulipinga. Kwa mpangilio huu, namba chanya kwenye goti inakunja mguu, ila namba chanya kwenye paja inalipeleka paja nyuma, wakati kwa mwili wa binadamu kukunja nyonga ni kulileta mbele. Wapo wanaoligeuza paja nusu mzunguko ili chanya iwe kukunja kila mahali. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu ukichagua paja na muundi pamoja na kuvizungusha, vinapaswa kwenda upande mmoja kama mnyororo mmoja.

Mihimili ya dunia inatosha pale kiungo kinapolala kwenye bapa lililonyooka. Mchongaji akikupa mhusika aliyeshusha mikono kwa nyuzi 45, na kiwiko kimesogea kidogo nyuma na kidogo chini, X ya mkono wa juu na X ya kigasha zitapishana. Bawaba ya kweli ni mstari uliosimama kwa pembe mraba juu ya bapa linalopita kwenye bega, kiwiko na kifundo cha mkono, na ni rahisi kuukokotoa ukiwa katika hali ya kuhariri:

```python
import bpy
eb = bpy.context.object.data.edit_bones
a, b = eb["upper_arm.L"], eb["forearm.L"]
n = a.y_axis.cross(b.y_axis).normalized()
for m in (a, b):
    m.align_roll(n.cross(m.y_axis))
```

Msimbo huu unahitaji kiwiko kiwe kimepinda angalau nyuzi chache. Mkono ulionyooka kabisa hauna bapa, `n` inakuwa sifuri, na `Roll` utakayoipata haina maana. Mpindo huohuo mdogo ndio unaoiambia IK ikunje upande gani, kwa hiyo uweke mapema.

Kupima, ingia hali ya mkao, badilisha mfupa wa kigasha uwe `XYZ Euler`, kisha andika 90 kwenye X. Kigasha kibaki ndani ya bapa lake. Ikiwa `Roll` imepotoka kwa nyuzi 20, kigasha cha sentimita 25 kitaacha kifundo cha mkono zaidi ya sentimita 8 nje ya njia yake, na hizo ndizo sentimita ambazo mhuishaji anazifukuza kwa Y na Z. Kipimo cha pili kiko kwenye IK yenye `Pole Target`: ukiwa na X iliyosimama vizuri kwenye bapa, `Pole Angle` inayourudisha mkono kwenye mkao wa awali itakuwa 90 au -90. Ukikuta mtu ameweka 73, mfupa wa kwanza wa mnyororo umesokotwa.

Upande wa kulia usiupange kwa mkono. Maliza kushoto, chagua mifupa ya `.L`, tumia `Symmetrize`, na Blender itaigeuza alama ya `Roll`. Baada ya hapo, 45 kwenye X itakunja viwiko vyote viwili vilevile, ilhali Y na Z zitahitaji alama kinyume. Ndiyo maana kubandika mkao uliogeuzwa kwa `Ctrl+Shift+V` kunafanya kazi. Mkao ukibandikwa na mkono wa kulia ukavunjikia nyuma, kuna mtu aliyegusa `Roll` ya upande mmoja.

Yote haya yafanyike kabla ya kuweka vizuizi na kabla ya mwendo wowote kurekodiwa. Funguo za mwendo huhifadhi namba kwenye mihimili ya mfupa wenyewe; ukibadilisha `Roll` baadaye, 45 inabaki 45 ila bawaba imehama, na kila tukio lililokwisha kuhuishwa linaharibika. Nikipewa kiunzi chenye kasoro ambacho tayari kimebeba mwendo ulioidhinishwa, huacha `Roll` kama ilivyo hadi mwisho wa mradi, na marekebisho huyaweka kwenye nakala itakayotumika kwa kazi inayofuata.