Tangazo la Idi lililouza mwaka huu huenda lisiuze mwakani

Msimu wa Idi ukipita, muuza kanzu hushawishika kuchukua ujumbe ulioleta wateja wengi na kuuweka akiba kwa ajili ya mwakani. Dukani kwangu sifanyi hivyo mpaka niwe nimeyaweka mauzo kwenye kalenda ya mwezi mwandamo pamoja na ya mishahara. Idi ya 2025 iliangukia mwisho wa Machi, wakati mishahara ya wengi ilikuwa imeshaingia. Kwa hiyo ujumbe uliotumwa katika kumi la mwisho la Ramadhani ulikuta watu wana fedha, na ungeuza hata kama maneno yake yangekuwa ya kawaida tu. Idi ya 2026 inatarajiwa karibu na Machi 20, kabla ya mshahara wa mwezi huo, ilhali ule wa Februari utaingia Mfungo ukiwa bado kwenye kumi la kwanza. Ndiyo maana nalinganisha mauzo kwa kuhesabu siku zilizobaki kabla ya Idi, na pembeni naandika kama mshahara ulikuwa umetoka.

Baada ya hapo naangalia ofa, na hapa daftari la faida husema zaidi kuliko wingi wa wateja. Tuchukue kanzu inayonunuliwa kwa shilingi 28,000 na kuuzwa 45,000. Punguzo la asilimia 20 linaondoa 9,000, na faida inashuka kutoka 17,000 hadi 8,000, maana yake ni lazima uuze zaidi ya kanzu mbili kupata faida ya moja. Kukunja pindo bure, fundi akilipwa 2,000, kunakuachia 15,000. Kwa hiyo sentensi "Pindo tunakunja bure, unaondoka nayo leo leo" naibakiza hata kama ilileta wateja wachache kuliko punguzo, ilimradi wasiwe wachache mno.

Kuhusu njia za kutangazia, jibu la "umetuona wapi?" siliamini sana, kwa sababu mteja hutaja chochote ili ahudumiwe haraka. Kila njia naipa neno lake la kutajwa dukani ili kupata pindo la bure: LULU kwa SMS, HINA kwa WhatsApp. Orodha ya matangazo ya WhatsApp huwafikia tu waliohifadhi namba yako, kwa hiyo isihukumiwe kwa kukosa wateja wapya. Kazi yake ni kuwarudisha wa zamani. SMS nazo zikaguliwe gharama: ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, lakini emoji moja tu huteremsha kikomo hadi 70, na ujumbe wa herufi 150 hulipiwa kama SMS tatu. Mwezi na nyota havina thamani hiyo.

Kwa 2026, basi, sentensi ya pindo inabaki, punguzo linaondoka, na SMS kubwa inahamia siku mishahara ya Februari inapotoka, ikiwa na ofa ya kuweka oda kwa malipo ya awali na kumalizia kidogo kidogo kabla ya Idi.