HR ya 0.74 kwenye picha ya jedwali: wageni wa wodini, isomeni hivi

Hii ni kwa ninyi mnaoanza intani na fildi hapa Dodoma, hasa wafamasia na madaktari wapya ambao wiki ya kwanza tu mnaingizwa kwenye grupu la Watsapu la idara. Huko mtatumiwa picha za majedwali ya utafiti kila mara. Mtu amepiga picha skrini ya projekta akiwa kiti cha nyuma, kichwa cha mwenzake kimekula safu moja, chini ameandika "dawa hii inapunguza vifo kwa 26%", na watu ishirini wameshaweka dole gumba. Mara nyingi namba yenyewe ni sahihi. Kinachokosewa ni maelezo yake.

Nitatumia jedwali moja tu, la utafiti wa DAPA-HF uliotoka 2019, kwa sababu nimeliona likizunguka kwenye simu za watu kuliko mengine. Wagonjwa 4744 ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi vizuri, na nguvu ya moyo kusukuma damu haizidi asilimia 40, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wapo 2373 waliopewa dapagliflozini na 2371 waliopewa plasebo, wote wakiendelea na dawa zao za kawaida. Muda wa kati wa kuwafuatilia ulikuwa miezi 18 na kidogo. Tukio kuu lililohesabiwa lilikuwa mgonjwa kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa, au moyo kuzidiwa hadi alazwe au afike ghafla kuchomwa dawa ya mshipa. Mstari wa kwanza unasomeka hivi: 386 (16.3%) upande wa dawa, 502 (21.2%) upande wa plasebo, kisha HR na mipaka yake ya asilimia 95, `0.74 (0.65–0.85)`.

Kabla ya kuigusa hiyo 0.74, angalia kichwa cha safu. Kwenye picha nyingi kimekatwa, na bila kichwa hujui nani amegawanywa kwa nani. Mazoea ni dawa juu, plasebo chini, lakini wapo wanaogeuza. Ukiwa na idadi ya matukio unajiokoa mwenyewe: upande wenye matukio machache ukiwa juu ya mgawanyo, jibu lazima liwe chini ya moja. Hapa 16.3 ni ndogo kuliko 21.2 na uwiano uko chini ya moja, kwa hiyo dawa ndiyo iliyo juu.

Sasa maana yake. HR ni uwiano wa hatari, na hatari inayozungumzwa ni kasi: kati ya wale ambao mpaka sasa hawajafikwa na tukio, wangapi wanafikwa nalo katika kipindi kifupi kinachofuata. HR ikiwa moja, kasi ni sawa pande zote mbili. Ikiwa 0.74, kasi ya upande wa dawa ni asilimia 74 ya kasi ya upande wa plasebo, yaani imepungua kwa asilimia 26. Basi. Haisemi kwamba wagonjwa 26 katika 100 wameokolewa, wala kwamba mgonjwa ataishi asilimia 26 zaidi.

Maneno "ambao mpaka sasa hawajafikwa" ndiyo yanayorukwa, na bila hayo HR haieleweki. Chukua mabasi mawili yanayotoka stendi ya Nanenane kwenda Singida, kila moja na abiria 100, na hakuna anayepanda njiani. Basi la kwanza, kila kituo linashusha asilimia 20 ya waliomo. La pili linashusha asilimia 10 ya waliomo. Uwiano wa kushuka ni 0.50 pale Bahi, na ni 0.50 tena pale Manyoni. Lakini hesabu jumla ya walioshuka. Bahi ni 20 kwa 10, na ukigawanya unapata 0.50. Baada ya Manyoni, basi la kwanza limeshusha 20 na 16, jumla 36, na la pili limeshusha 10 na 9, jumla 19. Gawanya 19 kwa 36 upate 0.53. Kasi haijabadilika hata kidogo, ila uwiano wa jumla umeanza kusogea kuelekea moja, kwa sababu basi la kwanza lina watu wachache waliobaki wa kushuka. Safari ikiwa ndefu vya kutosha, yote mawili yatakuwa matupu na uwiano wa jumla utakuwa moja, ilhali la pili lilikuwa linashusha kwa nusu ya kasi muda wote.

Ndiyo maana ukichukua 16.3 ukagawanya kwa 21.2 unapata karibu 0.77 wala si 0.74, na jedwali halijakosewa. Hizo asilimia ni jumla ya waliokwisha kushuka. Jedwali hilo hilo, kama picha haijakatwa kulia kwa asilimia, linatoa pia matukio kwa kila miaka-mgonjwa 100, yaani kama wagonjwa 100 wakifuatiliwa mwaka mmoja: ni 11.6 upande wa dawa na 15.6 upande wa plasebo. Gawanya hizo, unapata 0.74. Hapo umegusa kasi yenyewe.

Intani mmoja aliniuliza kwenye korido, "Dokta, samahani, kwa hiyo nikimwandikia mgonjwa dawa hii, nafasi yake inapungua kwa asilimia 26?" Swali zuri kuliko linavyosikika. Katika miezi ile 18, waliofikwa na tukio walikuwa karibu 21 katika kila 100 bila dawa na 16 katika kila 100 wakiwa na dawa. Tofauti ni watu watano pungufu kidogo katika 100, au mmoja katika kila 21 waliotibiwa. Ishirini na sita na tano zote ni za kweli, ila inayomhusu mzee aliyekaa mbele yako na mwanawe ni hii ya pili.

Turudi kwenye ukungu wa picha. Watsapu ikishaibana picha mara tatu, 6 inafanana na 5, na 8 inafanana na 3. Kuna njia ya kuhakiki tarakimu ambayo sijui kwa nini haifundishwi mapema. Mipaka ya asilimia 95 ya HR haiko sawa pande mbili kwa kutoa na kujumlisha, bali kwa kuzidisha. Kwa hiyo zidisha mpaka wa chini kwa mpaka wa juu, tafuta kipeuo cha pili, na jibu liwe karibu sana na HR yenyewe.

```
√(0.65 × 0.85) = 0.743
```

Inakubali. Kama ningeisoma 0.65 kuwa 0.55, ningepata 0.684, na hapo ningejua kuna tarakimu imenidanganya, nikaomba picha nyingine. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Mipaka hiyo ina kazi kubwa zaidi ya kuhakiki. Shuka kwenye jedwali hadi kifo cha moyo na mishipa: 227 kwa 273, `0.82 (0.69–0.98)`. Halafu mstari wa figo kuharibika zaidi: 28 kwa 39, `0.71 (0.44–1.16)`. Mgeni anaona 0.71 ni ndogo kuliko 0.82, anaandika kwenye grupu kwamba dawa inalinda figo kuliko inavyozuia vifo. Soma mipaka. Kwa vifo, upande wa juu unaishia 0.98, bado chini ya moja, japo umeigusa mlango. Kwa figo, data zinaruhusu kwamba kasi imepungua zaidi ya nusu, na zinaruhusu pia kwamba imeongezeka kwa asilimia 16. Huwezi kudai ulinzi kwa mstari huo. Wala huwezi kusema "imethibitika haisaidii figo", kosa la pili linalokuja mbio baada ya la kwanza. Sababu iko wazi kwenye idadi: vifo vilivyohesabiwa ni 500 jumla, matukio ya figo ni 67. Ukubwa wa utafiti kwenye hesabu hizi ni idadi ya matukio, si idadi ya wagonjwa.

Chini ya moja nayo si nzuri kila mahali. Inategemea tukio ni lipi. Kwa kifo na kulazwa, chini ya moja ni heri. Kwenye utafiti wa kifua kikuu unaopima muda hadi kohozi liwe safi, chini ya moja maana yake kohozi linachelewa kusafika. Na jedwali letu lina mtego wake: safu ile ya mwisho si HR mistari yote. Karibu na chini kuna mstari wa alama za dalili, `1.18 (1.11–1.26)`, ambao ni uwiano wa aina nyingine kabisa, na juu ya moja ndiyo nafuu. Kialama kidogo kinakupeleka kwenye maelezo ya chini ya jedwali, na maelezo ya chini ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye picha. Ombeni picha yenye ukingo wa chini.

Ombeni pia ule mchoro wa mistari miwili. HR moja inachukulia kwamba uwiano wa kasi haubadiliki sana tangu mwanzo hadi mwisho. Mistari ikiachana mapema na kuendelea kuachana, sawa. Ikikatana katikati, dawa iliumiza mwanzoni na kusaidia baadaye, au kinyume chake, na namba moja imefunika yote mawili.

La mwisho ni la kupeleka namba wodini kwetu. Wagonjwa wako wanaotoka Kongwa au Bahi si lazima wawe na hatari sawa na wale wa plasebo. HR mara nyingi husafiri vizuri kuliko tofauti ya asilimia, kwa hiyo anza na hatari ya mgonjwa wako. Chukua sehemu ya watu ambao wasingefikwa na tukio bila dawa, ipandishe kwa kipeo cha HR. Ijaribu kwanza kwa data zenyewe: bila dawa walibaki 0.788.

```
0.788^0.74 = 0.838
```

Maana yake 16.2% wanafikwa, na utafiti ulipata 16.3%. Sasa weka mgonjwa ambaye hatari yake ni asilimia 10 kwa kipindi hicho: 0.90 kwa kipeo cha 0.74 ni 0.925, hatari inashuka hadi 7.5, na unatibu watu 40 kuzuia tukio moja. Aliyezidiwa zaidi, mwenye asilimia 40: 0.60 kwa kipeo hicho hicho ni 0.685, hatari inashuka hadi 31.5, na unatibu 12. HR ni 0.74 kwa wote wawili, lakini mkiwa na makopo machache dirishani, mnajua nani aanze kupewa.