Cheti cha jina la biashara hakimtoi mwigaji Instagram

Juzi usiku dada mmoja wa Likoni aliniandikia amekasirika. Anauza udi wa kuchoma, ubani na mawardi. Kuna mtu amefungua ukurasa wa Instagram wenye jina lake lile lile, ameongeza nukta moja tu mwishoni, amechukua picha zake za vyetezo na kuweka tili yake mwenyewe. Wateja wanalipa, mzigo hawauoni, kisha wanamtukana yeye. "Dada, jina nimelisajili na cheti ninacho. Mbona nikiripoti hawamtoi?"

Hasira zake nazijua, maana yalinikuta. Mwigaji wangu mimi alikuwa mteja wa jumla, mtu niliyemkaribisha nyumbani Mji wa Kale nikamfundisha mpaka kupika udi wa sukari, moto wake na wakati wa kutia mafuta. Siku moja nikaona jina langu kwenye makopo yake, herufi moja imebadilishwa, rangi ya kibandiko ni ile ile. Nilipompigia aliniambia riziki ni ya Mungu. Ni kweli, lakini jina ni langu, na hapo ndipo nilipoingia katika mambo ya alama za biashara mpaka nikayajua kuliko bei ya sandali.

Cheti alicho nacho dada wa Likoni kimetoka eCitizen, kwa wasajili wa biashara, na kilimgharimu kama shilingi 1,000. Kazi yake ni kuonyesha nani yuko nyuma ya biashara inayotumia jina lisilo lake la kuzaliwa. Benki watakitaka ukifungua akaunti, na kaunti vilevile ukitafuta leseni. Lakini hakikupi umiliki wa jina lile sokoni. Umiliki huo unatoka KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, yenye ofisi South C, Nairobi, chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. Ni daftari jingine kabisa. Mtu anaweza kuwa na cheti cha jina kwa miaka, na mwingine akaenda KIPI akaliandikisha kama alama yake.

Instagram na Facebook wana fomu maalumu ya kuripoti alama iliyoigwa, tofauti na ile ya kuripoti mtu anayejifanya wewe. Fomu hiyo inauliza namba ya usajili wa alama, nchi iliposajiliwa na aina ya bidhaa, na inataka nakala ya cheti au kiungo cha kukiona. Ukiweka cheti cha eCitizen hapo, anayesoma haoni haki yoyote ya kuitetea. Sheria yetu inakuruhusu, hata kama huna alama iliyosajiliwa, kumshtaki anayeuza bidhaa zake kana kwamba ni zako, lakini hilo ni jambo la mahakamani, kwa wakili na ushahidi kwamba watu wanakujua kwa jina hilo. Anayepitia ripoti za Instagram hawezi kukusikilizia kesi.

Sasa nije kwenye lililo gumu, ambalo dada wa Likoni hakulipenda nilipomwambia. Jina lake lina maneno matatu: udi, neno la kusifu, na Mombasa. KIPI hawatamkubalia hivi hivi. Sheria inakataa neno linaloeleza bidhaa au ubora wake, na inakataa jina la mahali likisomwa kwa maana yake ya kawaida. Kila muuza udi wa Marikiti ana haki ya kusema anauza udi, kwamba ni mzuri, na kwamba yuko Mombasa. Yeye akimilikishwa maneno hayo, sisi wengine tuandike nini kwenye makopo?

Wengi hapo hushauriwa wasajili nembo, yaani mchoro pamoja na maneno. Hukubaliwa, lakini msajili anaweza kukutaka ukane haki ya maneno yenyewe, na kukana huko huandikwa kwenye usajili. Unabaki na ule mchoro wako kwa ujumla wake. Mwigaji akiacha mchoro akachukua maneno tu, ndiyo kwanza amekupita mlangoni na cheti kiko ukutani. Kwa hiyo mtu akinionyesha cheti cha alama, mimi naangalia kwanza kama kuna sentensi ya kukana, na inakana nini.

Mimi neno langu nililitunga kwa kuunganisha silabi za majina ya binti zangu wawili. Halina maana yoyote kwa mtu mwingine, na ndiyo nguvu yake. Najivunia, nisifiche. Dada wa Likoni nilimshauri afanye hivyo hivyo: atunge neno, aliweke mbele kwa maandishi makubwa, na yale matatu ya zamani yabaki chini yake kama maelezo, ili wateja wasimpotee.

Kisha afanye upekuzi kabla ya kuchapa kibandiko hata kimoja. Ni fomu TM 27, na nilipofanya mimi ilikuwa shilingi 3,000 kwa daraja moja, yaani kundi moja la bidhaa. Wanatafuta alama zinazofanana kwa kuonekana na kwa kusikika, kwa hiyo kubadilisha K ikawa C hakukuokoi, na mwigaji wako hakumwokoi pia. Ombi lenyewe ni fomu TM 2, nalo lilikuwa shilingi 4,000 kwa daraja la kwanza. Kutangazwa kwenye jarida lao kulikuwa 3,000 na kusajiliwa 2,000.

Madaraja yako 45, na hapa msiwe na haraka. Udi, ubani na manukato ni daraja la 3. Chetezo cha kufukizia kiko daraja la 21. Ukisajili la 3 peke yake, mtu akaanza kuuza vyetezo vyenye jina lako, hoja yako inadhoofika. Akiuza madera, ndiyo zaidi, maana nguo ni daraja la 25. Na msilipie madaraja ya ndoto. Alama isiyotumika miaka 5 mfululizo mtu anaweza kuomba ifutwe.

Ombi likitangazwa, yeyote ana siku 60 za kupinga. Mteja wangu wa zamani hakupinga. Kabla ya tangazo kuna mkaguzi, kuna barua, kuna kungoja. Nayaruka, hayana utamu. Ulinzi ni miaka 10, unahuishwa, na unahesabiwa tangu siku ulipowasilisha ombi. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema watasajili biashara ikishakua. Ikishakua, mwigaji naye kesha jua ofisi iliko. Pelekeni ombi mapema, jamani!

Wakati wa kungoja unaweza kuweka herufi TM kando ya jina. Ile R ya kwenye duara usiiweke kabla ya cheti, kwani kudai alama imesajiliwa ilhali haijasajiliwa ni kosa la jinai. Na tili yako ibandike juu ya ukurasa, pamoja na jina linalotokea mteja anapolipa, ili alinganishe kabla ya kuweka namba ya siri.

Cheti kilipofika nilijaza ile fomu, nikaweka namba, Kenya, daraja la 3, na viungo vya machapisho ya yule mteja wangu wa zamani kimoja kimoja. Ukurasa ukaondoka. Baadaye alifungua mwingine, nao nikauripoti kwa namba ile ile, safari hii bila kumpigia simu.

Dada wa Likoni ameniuliza tena, kwa sababu wateja wake wengi wako Tanga na Unguja. Cheti cha KIPI kinaishia Kenya. Tanzania Bara husajili BRELA, Zanzibar ina wakala wake BPRA, na kila mmoja ana daftari lake. Nimemwambia aanze na hapa, anakotengenezea mzigo, kisha Unguja ambako ndiko anakouza zaidi.