Mzazi akimtukana refa, usimfungie mtoto

Kanuni nyingi za maadili za klabu za vijana zina kurasa mbili tatu za mambo mazuri kuhusu heshima na ushirikiano, kisha mwishoni kuna mstari mmoja: "Atakayekiuka atachukuliwa hatua za kinidhamu." Hatua gani, na nani, ndani ya siku ngapi? Kimya. Nimekuwa katibu wa klabu ya vijana kwa muda wa kutosha kusema kwamba ugomvi wote mkubwa niliowahi kuushughulikia ulianzia kwenye huo mstari mmoja.

Nitoe kisa kimoja. Mechi ya watoto wa chini ya miaka 13, refa mwenyewe kijana mdogo tu. Baba mmoja alisimama nyuma ya goli letu kipindi kizima akimpigia kelele. Refa alipotoa penalti, baba akaingia uwanjani huku anatukana, na mchezo ukasimama. Sheria ya 5 ya mpira wa miguu inampa refa mamlaka ya kuusimamisha au kuuvunja mchezo watu wa nje wakiuingilia, kwa hiyo tulibakiza kidogo tu tupoteze mechi. Mwanawe, aliyekuwa anacheza, alichanganyikiwa. Kocha alipomtoa, mtoto akavua jezi na kumtupia. Kocha naye kwa hasira akamwambia baba mbele ya watu: "Mwanao hana namba hapa mpaka wewe ubadilike."

Jumatatu mama akaandika barua ya malalamiko. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kulipasua tukio hilo vipande viwili. Kuna kosa la baba, la kumtukana refa na kuingia uwanjani. Kuna kosa la mtoto, la kumtupia kocha jezi. Kila kosa likafunguliwa jalada lake. Kauli ya kocha ilikuwa imeyafunga yote kwenye fundo moja, mtoto wa miaka 12 akawa anatumikia adhabu ya kosa la mtu mzima ambaye hana uwezo wa kumzuia. Kwenye kanuni zenu andikeni waziwazi: mchezaji haadhibiwi kwa kosa la mzazi wake.

Swali la pili lilikuwa nani aamue. Kocha alikuwa ndiye aliyetupiwa jezi, kwa hiyo ni mlalamikaji na shahidi. Hawezi tena kuwa hakimu. Baadhi ya makocha hulichukia jambo hili, wanaona wananyang'anywa timu. Hapa ndipo kanuni nyingi zinapovurugika, kwa sababu hazitenganishi kupanga kikosi na kutoa adhabu. Kocha akimweka mchezaji benchi kwa sababu mwenzake yuko vizuri zaidi wiki hiyo, hiyo ni kazi yake, wala mzazi hana pa kukata rufaa. Lakini akisema "huchezi mechi tatu kwa sababu ya ulichofanya Jumamosi," hiyo ni adhabu, na adhabu ina utaratibu wake. Utaitambua kwa maneno mawili: ina sababu ya kinidhamu na ina muda. Kinachobaki mikononi mwa kocha siku ya mechi ni kumtoa mchezaji uwanjani na kumpumzisha hadi filimbi ya mwisho. Zaidi ya hapo aandike taarifa.

Taarifa yenyewe sisi tunaitaka ndani ya saa 48, ukurasa mmoja: nini kilionekana, nini kilisikika, nani alikuwepo. "Ana tabia mbaya" hatulipokei. "Alivua jezi akamtupia kocha ikamgonga kifuani" tunalipokea. Nakala inakwenda kwa mzazi kabla ya kikao, ili aje akijua anajibu nini. Kikao kinakaa ndani ya siku 7, watu watatu, hakuna hata mmoja mwenye mtoto kwenye timu hiyo.

Mtoto anasikilizwa, tena kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa na mzazi au mtu mzima anayemwamini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika jambo linalomhusu, na kikao cha nidhamu ni jambo linalomhusu kuliko mengi. Huyu wetu alikuja na mama. Alipoulizwa, alijibu: "Nilikuwa naona aibu. Kila mtu alikuwa anamwangalia baba." Akapewa onyo la maandishi na kukosa mechi moja, kama jedwali letu la adhabu linavyosema kwa kosa la kwanza la kumvunjia kocha heshima bila kuumiza mtu. Hakuna kukimbizwa mizunguko ya uwanja kama adhabu, wala kutangazwa kwenye grupu la wazazi. Baba alifungiwa kuhudhuria mechi tano.

Kumfungia mzazi ni rahisi kwenye karatasi. Je, mtoto atafikaje uwanjani kama baba ndiye anayemleta? Tuliandika kwenye barua ya adhabu kwamba anaruhusiwa kumshusha getini na kumchukua baada ya filimbi ya mwisho, na tukamtaja kiongozi wa kumpokea mtoto. Bila hilo, baba angekaa nyumbani na mtoto naye, tukarudi palepale tulipokuwa tunapakimbia.

Kocha hakuachwa. Kumgombeza mzazi hadharani kupitia mtoto ni kosa kwenye sehemu ya makocha, akapewa onyo. Alinuna wiki mbili, akaendelea na kazi.

Sasa rufaa. Baba alikata, akisema mechi tano ni nyingi. Sisi tunapokea rufaa kwa sababu tatu tu: utaratibu haukufuatwa, adhabu imezidi jedwali, au umepatikana ushahidi mpya. "Sikubaliani" peke yake haitoshi. Muda ni siku 7 tangu kupokea barua, na wanaoisikiliza ni watu wengine kabisa. Klabu ndogo hulalamika kwamba haina watu wa kutosha. Ombeni watu wawili kutoka klabu jirani, nanyi muwasaidie wakihitaji. Kamati ya rufaa ilikuta jedwali linasema mechi mbili hadi nne kwa kosa la kwanza, ikapunguza zikawa nne. Kanuni zetu pia zinasema rufaa haiwezi kuongeza adhabu, la sivyo hakuna atakayethubutu kukata.

Amueni mapema kama adhabu inaendelea wakati rufaa inasubiriwa. Mtoto aliyekosa mechi moja atakuwa ameshaimaliza kabla kikao hakijakaa, kwa hiyo kwa adhabu fupi tunaisimamisha kwanza. Kwa mtu mzima aliyetishia au kupiga, haisimami.

Kuna mambo mawili ambayo rufaa ya klabu haiyagusi. Kadi nyekundu ya refa ni ya chama kinachoendesha ligi, klabu haiwezi kuifuta. Na tuhuma yoyote kwamba mtu mzima amemdhuru au kumdhalilisha mtoto haiji kwenye kamati ya nidhamu kabisa. Inakwenda kwa mamlaka za ulinzi wa watoto na polisi siku hiyohiyo, anayetuhumiwa anakaa mbali na watoto bila kuhesabiwa kuwa na hatia, na klabu haianzi kuwahoji watoto yenyewe, maana mahojiano ya watu wasio na ujuzi huharibu ushahidi.

Majalada ya watoto tunayafunga msimu ukiisha. Onyo la mwaka jana halisomwi kwenye kikao cha mwaka huu, na kocha mpya wa timu hakabidhiwi.