Kwa nini vimbunga hupiga Beira ya Msumbiji mara kwa mara lakini Dar na Mombasa husalimika?

Mkuu, sababu kubwa ni latitudo. Kimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili upepo ujisokote, na karibu na ikweta msukumo huo ni hafifu mno. Ndani ya nyuzi 5 hivi ni nadra kuzaliwa. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, Dar karibu 7.

Vingi huzaliwa mashariki ya Madagaska kati ya Novemba na Aprili, vikasukumwa magharibi na upepo unaozunguka mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini. Toamasina, mji wa pwani ya mashariki ya kisiwa hicho, hupigwa kwanza. Kinachovuka kisiwa hudhoofika, kisha hupata nguvu upya kwenye maji ya moto ya Mlango wa Msumbiji, na mbele yake kuna Quelimane, Beira na Vilankulo. Kimbunga Idai cha 2019 kilianzia humohumo mlangoni, kikaingia Msumbiji, kikarudi baharini, ndipo kikageuka kuipiga Beira Machi 14.

Ila kusini mwa Tanzania msijisahau: Lindi ilipigwa 1952, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024.